Alfajiri Haina Bingwa: Kazi Ngumu za Zamu ya Usiku Zitawanywe

Mwaka jana nilikesha siku tano katika wodi ya watoto ya hospitali moja ambayo sitaitaja jina, nikimuuguza mwanangu mdogo aliyekuwa na homa ya mapafu. Mzazi aliyeketi kando ya kitanda cha mgonjwa hana la kufanya usiku kucha ila kutazama, nami nilitazama. Niliyoyaona usiku wa nne, mnamo saa kumi na moja na dakika arubaini alfajiri, ndiyo yaliyonisukuma kuishika kalamu.

Muuguzi aliyekuwa zamu alikuja na trei ya dawa. Alikuwa mwanamke mwenye uzoefu wa miaka mingi, na mikono yake ilionyesha hivyo. Mwanangu alikuwa na uzito wa kilo 8, na daktari alikuwa ameagiza apewe gentamisini miligramu 7.5 kwa kila kilo, mara moja kwa siku. Hiyo ni miligramu 60. Kichupa cha dawa kilikuwa na miligramu 80 ndani ya mililita 2. Muuguzi aliandika kwa kalamu juu ya kipande cha karatasi: 60 gawanya kwa 80, jawabu 0.75. Akachukua bomba la sindano, akavuta mililita 0.75, akasimama. Alilitazama bomba, akaitazama karatasi, akalitazama bomba tena. Kisha akamwita mwenzake aliyekuwa upande wa pili wa wodi: "Sista, hebu njoo unihesabie hii. Macho yangu hayaniambii kweli."

Mwenzake alikuja, akahesabu upya bila ya kuitazama karatasi ile, akasema, "Ni moja nukta tano, sista. Hukuzidisha kwa mbili."

Kosa lilikuwa hilo tu. Ile 0.75 ilikuwa sehemu ya kichupa wala haikuwa idadi ya mililita. Ilibaki hatua moja ya mwisho, kuzidisha kwa 2, ili kupata mililita 1.5. Laiti asingalisita, mwanangu angalipewa nusu ya dawa aliyostahili, na hapana kengele ambayo ingelia. Bomba lenye mililita 0.75 halitofautiani kwa sura na bomba lenye kipimo sahihi. Chati ingetiwa sahihi, mzazi angeshukuru, na homa ingeendelea bila ya mtu kujua sababu yake.

Sisemi haya ili kumlaumu muuguzi yule. Namheshimu kwa kusita kwake. Swali langu ni jingine: ni nani aliyeamua kwamba hesabu ya aina hiyo ifanywe saa kumi na mbili kasoro dakika ishirini alfajiri, mwishoni mwa zamu ya saa kumi na tatu? Nilipowauliza baadaye, jibu lilikuwa kwamba hapana aliyeamua. Ratiba waliikuta.

Msomaji na atazame kwanza hali ya mwili wa mtu aliye kazini saa hizo. Uchovu wa usiku una vyanzo viwili, na mwanasayansi Alexander Borbély alivieleza mwaka 1982 kwa namna ambayo bado wataalamu wa usingizi huitegemea. Chanzo cha kwanza ni deni. Tangu tunapoamka, haja ya usingizi hujilimbikiza saa baada ya saa, na hailipwi ila kwa kulala. Chanzo cha pili ni saa iliyomo ubongoni, inayofuata mwanga wa jua na kuupandisha na kuushusha uchangamfu wetu kila siku. Saa hiyo haijali kwamba mtu amepangiwa zamu. Joto la mwili hushuka hadi kiwango chake cha chini kabisa karibu na saa kumi au saa kumi na moja alfajiri, na uwezo wa kuwa macho hushuka pamoja nalo. Hata mtu aliyezoea zamu ya usiku kwa miaka, aghalabu saa hiyo ya ndani haigeuki, kwa kuwa kila asubuhi anaporudi nyumbani jua humpiga usoni na kuirudisha pale pale.

Sasa tumchukue muuguzi anayeanza usiku wake wa kwanza wa zamu. Ameamka saa kumi na mbili asubuhi kuwatayarisha watoto kwenda shule, hakupata nafasi ya kulala mchana, akaingia kazini saa kumi na mbili na nusu jioni. Ifikapo saa tano usiku, amekuwa macho kwa saa 17. Ifikapo saa kumi na mbili asubuhi, ametimiza saa 24. Mwaka 1997, Drew Dawson na Kathryn Reid wa Australia walichapisha katika jarida la Nature matokeo ya kulinganisha watu waliokesha na watu waliokunywa pombe. Waligundua kwamba mtu aliyekuwa macho kwa saa 17 alifanya kazi kama mtu mwenye asilimia 0.05 ya pombe katika damu, na aliyekuwa macho kwa saa 24 alifanya kama mwenye asilimia 0.10. Hicho cha pili ni kiwango ambacho dereva hawezi kukubaliwa nacho katika nchi nyingi. Hata hivyo, katika saa hiyo hiyo ya 24, pale deni la usingizi na kilindi cha saa ya mwili yanapokutana, ndipo wodi humtaka muuguzi afanye kazi zake ngumu kuliko zote.

Jambo hili si geni. Mwaka 1955, watafiti wa Uswidi walichapisha uchunguzi wa madaftari ya kiwanda cha gesi, ambamo wafanyakazi wa zamu walikuwa wameandika vipimo vya mitambo kila saa kuanzia mwaka 1912 hadi 1931. Walipata makosa yapatayo 75,000. Makosa hayo hayakutawanyika sawasawa katika saa za siku. Yalifikia kilele karibu na saa tisa usiku, na kulikuwa na kilele kingine kidogo baada ya chakula cha mchana. Kazi yenyewe ilikuwa kusoma tarakimu na kuziandika, nayo ni sehemu kubwa ya kazi ya muuguzi usiku.

Nirudi wodini. Katika usiku ule mitano niliandika katika daftari langu kila kazi niliyoiona na saa yake, kwa mazoea ya mtafiti asiyeweza kukaa bure. Wauguzi walikuwa wawili kwa watoto wapatao thelathini. Kuanzia saa moja hadi saa tano usiku walikuwa mbioni: kupokezana wagonjwa, dawa za saa nne, kupima joto na mapigo ya moyo. Kuanzia saa sita hadi saa kumi wodi ilitulia, isipokuwa dawa za saa nane na mtoto mmoja mmoja aliyezidiwa. Saa kumi na moja alfajiri, mafuriko yakaanza. Kila mtoto apimwe joto. Wale wenye madaftari ya maji, yaani yale yanayoonyesha kiasi kilichoingia mwilini na kilichotoka, wajumlishiwe hesabu ya usiku kucha. Damu za maabara zitolewe. Penisilini ya kila baada ya saa sita itolewe, gentamisini ya mara moja kwa siku itolewe, dawa zinazowekwa chini ya kufuli zihesabiwe, na juu ya yote hayo iandikwe ripoti ya kila mgonjwa kabla ya zamu ya asubuhi kuingia.

Kazi zote za kufikiri zilikuwa zimerundikwa katika saa mbili mbaya kuliko zote, huku saa nne za katikati zikiwa karibu tupu. Na saa tupu nazo zina hatari yake. Mwaka 1948, Norman Mackworth wa Uingereza alionyesha kwamba mtu anayetazama kifaa akingoja ishara zitokeazo kwa nadra huanza kuzikosa ndani ya nusu saa ya kwanza. Muuguzi aliyeketi mezani kwa utulivu tangu saa saba hadi saa kumi hapumziki, anafifia tu. Kisha hutakiwa aruke ghafla kutoka usingizi wa macho wazi hadi hesabu ya gentamisini.

Wapo watakaosema dawa yake ni kuzisogeza kazi zote ngumu mwanzoni mwa zamu, pale akili inapokuwa bado kali. Nilidhani hivyo nami, hadi nilipomsikiliza muuguzi msimamizi aliyekuwa ameishughulikia ratiba hiyo kwa muda mrefu. Alinieleza kwa upole, "Mwalimu, ukizirundika zote saa tatu usiku, umehamisha rundo tu. Saa tatu ndipo wazazi wananiuliza maswali, ndipo wagonjwa wapya wanaingia. Nitahesabu dawa kumi mfululizo huku nikikatizwa mara kumi. Ya nane nitaikosea vilevile." Wahenga walisema bandu bandu huisha gogo. Gogo hili nalo halina budi kuliwa kwa vibandu usiku kucha.

Mpango wenyewe, kama nilivyouelewa kutoka kwake, huanza kwa kuuliza swali moja juu ya kila kazi ngumu ya alfajiri: je, ni lazima ifanywe saa hiyo, au imewekwa hapo kwa desturi?

Gentamisini ya mara moja kwa siku ni mfano mzuri. Penisilini ya kila baada ya saa sita haina hiari, kwani ikitolewa saa kumi na mbili jioni na saa sita usiku, ni lazima itolewe saa kumi na mbili asubuhi. Lakini dawa inayotolewa mara moja kwa saa 24 haidai saa kumi na mbili asubuhi. Inadai tu kwamba saa yake isibadilikebadilike. Yaweza kupangwa saa nne asubuhi, mbele ya macho yaliyolala. Daktari ndiye aamuaye kuihamisha, na huihamisha kwa kuichelewesha mara moja kwa saa chache wala si kwa kuiwahisha, kwa sababu dozi mbili za dawa hii zikikaribiana zaweza kuyadhuru masikio na figo. Kwa uamuzi mmoja wa namna hiyo, hesabu ngumu kuliko zote ingetoka alfajiri kwa watoto wote wa wodi.

Kwa kazi zisizohamishika, hatua ya pili ni kutenganisha sehemu ya kufikiri na sehemu ya kutenda. Dawa ya saa kumi na mbili haivutwi katika bomba saa tatu usiku na kuachwa mezani, kwani bomba lisilo na maandishi ni hatari kubwa kuliko uchovu. Lakini hesabu yake yaweza kufanywa saa tatu usiku na kuandikwa kamili: uzito, miligramu, mililita. Muuguzi wa pili naye huihesabu peke yake, bila ya kuliona jawabu la kwanza, kama alivyofanya yule sista aliyemwokoa mwanangu. Alfajiri hubaki kusoma na kulinganisha kichupa na maandishi, na kusoma ni kazi nyepesi kuliko kuhesabu. Iwapo uzito au agizo limebadilika usiku, hesabu ile hufutwa na kuanza upya.

Madaftari ya maji nayo hugawanywa. Badala ya kujumlisha mistari kumi na mbili saa kumi na moja alfajiri, muuguzi hufunga hesabu ndogo saa nne usiku, nyingine saa nane, na ya mwisho saa kumi na mbili asubuhi. Tuseme mtoto ameingiza mililita 240 hadi saa nne, 180 hadi saa nane, na 200 hadi asubuhi. Naye ametoa 150, 110 na 140. Alfajiri kazi ni kujumlisha tarakimu tatu mara mbili, 620 na 400, na kupata ziada ya mililita 220. Faida si wepesi tu. Mtoto asiyekojoa hugunduliwa saa nane usiku, wala hangojewi hadi kukuche.

Ripoti, ambayo ndiyo inayonigusa mimi mwanaisimu, huandikwa kwa njia hiyo hiyo. Mistari miwili kwa kila mgonjwa saa tano, mmoja saa tisa, na alfajiri huongezwa tu yale mapya. Kati ya kazi hizi za kuandika, muuguzi hutembea: huzunguka vitanda, hugeuza wagonjwa, hukagua mirija. Miguu huuchangamsha ubongo ambao kiti kingeulaza. Na kama wapo wawili, mmoja hupewa dakika ishirini za kulala kati ya saa saba na saa tisa, kwa sharti kwamba akiamka asiguse dawa kwa nusu saa ya kwanza, kwa kuwa ubongo uliokatizwa usingizini huwa na ukungu kwa muda.

Mtu aliyechoka hujuaje kwamba amefikia mahali pa hatari? Hapa pana mtego. Mwaka 2003, Hans Van Dongen na wenzake walichapisha matokeo ya watu waliolala saa sita tu kila usiku kwa majuma mawili. Kazi yao iliharibika siku hadi siku, lakini walipoulizwa, walisema wamechoka kidogo tu. Hisia ya uchovu ilisimama ilhali uchovu wenyewe ukiendelea kupanda. Kwa hiyo ni kosa kumwuliza muuguzi kama amechoka. Na atazame maandishi yake. Ukisoma mstari mmoja mara tatu bila ya kuelewa, ukiandika tarehe ya jana, mwandiko ukiteremka chini ya mstari, au neno la sentensi moja likijipenyeza katika nyingine, hizo ni alama za sekunde chache ambazo ubongo ulilala na macho yakabaki wazi. Hapo kazi ya tarakimu huwekwa chini na mwenzako huitwa.

Nina onyo moja zaidi ambalo daktari wa usingizi wa Ulaya asingelifikiria. Wauguzi wetu huzungumza kwa Kiswahili na kuandika kwa Kiingereza, na lugha hizo mbili hazihesabu saa kwa namna moja. Saa nane usiku ya Kiswahili huandikwa 02:00 katika chati. Saa mbili asubuhi huandikwa 08:00. Kila anapoandika, muuguzi huruka pengo la saa sita kichwani mwake. Mchana hajui hata kwamba anaruka. Alfajiri, hatua hiyo huweza kudondoka kama ilivyodondoka ile ya kuzidisha kwa mbili: husema "nane" akaandika 08:00, na dawa iliyokwisha kutolewa huonekana kama inayongojwa.

Siku nazo zina mtego wake. Kwa Kiswahili, usiku wa kuamkia Jumatano umeanza jua lilipotua Jumanne. Kwa chati, Jumatano huanza saa sita usiku. Daktari akisema saa saba usiku, "Mpeni kesho asubuhi," je, ni asubuhi hii inayokuja baada ya saa chache, au ya siku ifuatayo? Ningependa neno "kesho" lipigwe marufuku wodini baada ya saa sita usiku, na mahali pake itajwe tarehe na saa ya chati. Ni badiliko lisilogharimu hata senti.

Sitaki msomaji adhani kwamba kupanga kazi upya kunalipa deni la usingizi. Hakulipi. Wodi yenye muuguzi mmoja kwa watoto thelathini haina mtu wa pili wa kuhesabu, na mpango wote niliousimulia hupoteza mguu mmoja. Dharura nazo haziangalii ratiba. Lakini rundo la alfajiri halikuletwa na dharura. Limeletwa na mazoea, na mazoea hubadilishwa kwa karatasi na kalamu.

Walimu wenzangu nao wanaijua alfajiri hiyo, hasa majira ya mitihani. Tunasahihisha insha usiku kucha, kisha tunajumlisha alama za darasa zima saa kumi alfajiri kwa kuwa kujumlisha kunaonekana kuwa kazi rahisi. Ninayo madaftari niliyoyafungua upya na kukuta mwanafunzi aliyepata 68 ameandikiwa 58. Siku hizi hujumlisha kila baada ya karatasi kumi, na jumla ya mwisho huingoja asubuhi baada ya usingizi.

Mwanangu alipona, akarudi nyumbani. Kile kipande cha karatasi chenye 0.75 muuguzi alikikunja akakitia mfukoni. Asubuhi nilimwona akikitoa na kumwonyesha msimamizi wake, wakaifungua ratiba ya dawa mezani, na kidole cha msimamizi kikatua juu ya gentamisini ya saa kumi na mbili.